Skripti ya dakika kumi: wanafunzi wanapotea kabla hawajachoka

"Shikamoo mwalimu. Ninafundisha kozi ya mtandaoni ya waweka hazina wa SACCOS na VICOBA. Nina video ya dakika kumi kuhusu riba isiyopungua na riba inayopungua. Skripti niliiandika kwa uangalifu, ina maneno 1,740, na naisoma yote. Mchoro wa watazamaji unaonyesha wengi wanaondoka kuanzia dakika ya pili, na wachache wanaobaki wanarudisha nyuma mara nyingi kwenye dakika ya sita na nusu. Nimeongeza muziki na picha zinazocheza, hakuna kilichobadilika. Wenzangu wanasema mtu wa leo hasikilizi zaidi ya dakika sita, niikate vipande vitano. Mwingine ananiambia niachane na skripti niongee tu. Nifanyeje? Skripti nimekuambatanishia pamoja na video."

Marahaba, mwalimu. Umefanya vizuri kuniletea skripti yenyewe, maana bila hiyo ningekujibu kwa kubahatisha. Niliisoma kwanza kimyakimya, kisha kwa sauti nikiwa nimeweka saa mezani. Kimyakimya inasomeka vizuri, hesabu ni sahihi na hoja zimepangika. Nilipoisoma kwa sauti, nilifika dakika ya pili nikiwa nimeshataja istilahi saba, na bado sijasikia shilingi hata moja. Hapo ndipo watu wako wanapoondokea. Sidhani kama wamechoka. Nadhani wamepotea njia, na mtu aliyepotea njia kwenye video hana wa kumuuliza, kwa hiyo anaifunga.

Nianze na hizo dakika sita, kwa sababu zinatajwa kila mahali na zinakusukuma kwenye dawa isiyo yako. Chanzo chake kinachojulikana zaidi ni utafiti wa mwaka 2014 wa Philip Guo na wenzake wawili. Walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walifungua video katika kozi nne za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni. Waliona kwamba hata video iwe ndefu namna gani, angalau nusu ya watazamaji hawakuvuka dakika sita. Ni utafiti mzuri, lakini angalia ulipima nini: muda ambao video ilikuwa inacheza. Haukuwa na namna ya kujua kama mtu alikuwa anasikiliza au anapika. Isitoshe, kozi zile zilikuwa wazi kwa yeyote, na wengi hujiandikisha humo ili waonje tu. Wanafunzi wako wana fedha za wanachama mikononi na mkutano mkuu unawasubiri. Kutoka kwenye utafiti ule unaweza kuchukua kwamba video fupi hutazamwa mpaka mwisho kwa urahisi zaidi. Usichukue kwamba ubongo unazimika ikifika dakika ya sita.

Tena fikiria kitakachotokea ukiikata vipande vitano vya dakika mbilimbili bila kugusa maneno. Watu watapotea mwishoni mwa kipande cha kwanza, kama wanavyopotea sasa, na hawatafungua cha pili. Ila mchoro wa kipande cha kwanza utapendeza, kwa sababu utaonyesha karibu wote wamemaliza. Utakuwa umejifunika macho usione tatizo.

Sasa tuingie kwenye tatizo lenyewe. Msomaji wa kitabu akikutana na neno asilolielewa, jicho lake linarudi juu mstari mmoja, linachungulia, linaendelea. Anafanya hivyo mara nyingi bila hata kujua. Msikilizaji hana nafasi hiyo. Sentensi ikishasemwa imekwenda, na nyingine imeshaanza. Kitu chochote ambacho hakijapata pa kushika, lazima akibebe kichwani akisubiri utakieleza, na kichwa cha binadamu kinabeba vitu vipya vichache sana kwa wakati mmoja, vitatu au vinne hivi. Ukimpa saba, vingine vinaanguka. Kuanzia hapo kila sentensi yako inategemea kitu alichokiangusha, na akili yake inaondoka kwenda mahali penye kueleweka: watoto, nauli, ujumbe ulioingia. Ukimuuliza atakwambia video "inachosha". Neno hilo limewapeleka walimu wengi kwenye muziki na picha zinazocheza.

Nikupe mfano ulionifundisha mimi. Miaka kadhaa iliyopita nilirekodi somo linalofanana na lako, nikamwomba mama mmoja mweka hazina alitazame nikiwa nimekaa pembeni. Dakika ya tatu akasimamisha, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, hili salio linaingiaje kwenye mkopo?" Nilikuwa nimesema "salio" mara kumi na moja. Kwangu lilikuwa ni deni lililobaki. Kwake salio ni la simu, kwa hiyo muda wote alikuwa anasubiri nifike kwenye sehemu ya kulipa marejesho kwa simu. Alikuwa makini kuliko mtu yeyote, na umakini wake wote ulikuwa unaenda kutafuta kitu ambacho hakimo. Nilipobadilisha "salio linalopungua" kuwa "deni lililobaki", sentensi zile zile zikaeleweka. Kwenye skripti yako "salio" limo mara kumi na nne. Anzia hapo.

Kuna jambo jingine la lugha yetu ambalo ushauri unaotoka nje hauwezi kukuambia. Kiswahili cha kuandika kinapenda kufungasha mambo ndani ya kitenzi. Wewe umeandika: "Riba inayotozwa kwa kuzingatia kiasi cha awali kilichokopwa na mwanachama pasipo kujali marejesho yaliyokwishafanyika." Kwenye karatasi hakuna kosa. Masikioni, msikilizaji amepewa "inayotozwa", "kilichokopwa" na "yaliyokwishafanyika", kila kimoja kinamrudisha nyuma kutafuta mwenyewe ni nani, na hajaambiwa bado ni nini kimetokea. Ukisema, "Umekopa milioni. Umerudisha nusu. Lakini mwezi huu bado unatozwa riba ya milioni nzima," umesema jambo lile lile na yeye ameliona. Hadithi zetu zinasikilizwa usiku kucha kwa sababu zinakwenda kwa "ka": akakopa, akalipa, mwezi ukaisha, akarudi. Kila tendo linashika mkono lililotangulia, na msikilizaji habebi kitu. Pitia skripti yako na kalamu nyekundu, kila penye vitenzi viwili vya namna ya "iliyo" na "yanayo" katika sentensi moja, ivunje.

Dakika yako ya kwanza sasa hivi inakwenda hivi: salamu, jina lako, jina la kozi, namba ya moduli, kisha "katika somo hili tutajifunza maana ya riba, aina za riba, sifa za kila aina, faida na changamoto zake." Hiyo ni yaliyomo ya kitabu imesomwa kwa sauti. Mtu aliyefungua video hii ameshaona kichwa cha somo kwenye skrini, anajua ni kozi gani na mwalimu ni nani. Bado hajui kwa nini awaze. Mpe kitu ambacho hakikai sawa, akitake kikae sawa. Mimi ningefungua hivi, bila salamu ndefu:

"Wamama wawili wa soko moja walikopa pesa sawasawa: milioni moja na laki mbili. Muda wao sawa, miezi kumi na miwili. Karatasi zote mbili zimeandikwa riba asilimia mbili kwa mwezi. Hakuna aliyechelewa kulipa hata siku moja. Mwaka ukaisha, wakakaa wakapiga hesabu. Muuza nyanya alikuwa amelipa riba laki moja na elfu hamsini na sita. Muuza vitenge alikuwa amelipa laki mbili na elfu themanini na nane. Laki moja na elfu thelathini na mbili zimetoka wapi? Simamisha video. Andika kwenye daftari unachodhani."

Hayo yanachukua chini ya sekunde hamsini kwa mwendo wa utulivu. Angalia kwamba istilahi ni moja tu, riba, ambayo kila mwanachama anaijua. Tofauti ya shilingi 132,000 sasa inamdai msikilizaji maelezo, na yeye anakudai wewe. Hata akikisia vibaya, amejiweka kwenye swali, na sikio lake litashtuka jibu litakapopita. Salamu weka baadaye, kwa sentensi moja, au iache.

Baada ya hapo, usikimbilie kulinganisha. Mchukue muuza vitenge peke yake, kwa sababu hesabu yake ndiyo nyepesi na ndiyo wengi wanayoifanya tayari. Asilimia mbili ya 1,200,000 ni 24,000. Mara miezi 12, ni 288,000. Kila mwezi anarudisha 100,000 ya mkopo na 24,000 ya riba, jumla 124,000, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Hapa mwanafunzi wako atakuwa anatikisa kichwa kukubali, na hapo ndipo pa kumwekea swali: "Mwezi wa kumi na mbili, kabla hajalipa, deni lililobaki mkononi mwake ni shilingi ngapi?" Kisha unyamaze. Jibu ni laki moja. Halafu unasema polepole: "Laki moja. Na kwa laki moja hiyo, mwezi huo, analipa riba elfu ishirini na nne." Usiongeze neno. Wacha ikae sekunde tatu. Nimewahi kukaa na kundi la waweka hazina wakati sentensi hiyo inasemwa, na kuna mtu alisimama.

Sasa, na si kabla, mlete muuza nyanya. Mwezi wa kwanza anadaiwa yote, riba ni 24,000, sawa na mwenzake. Mwezi wa pili deni limebaki 1,100,000, riba 22,000. Mwezi wa tatu deni ni milioni, riba 20,000. "Mwezi wa nne?" Unyamaze tena. Wanaofuata watasema 18,000 wewe hujasema, na ukithibitisha watajua wameishika kanuni kabla hujaitaja kwa jina. Unaruka hadi mwezi wa mwisho: deni laki moja, riba 2,000. Ukijumlisha kuanzia 24,000 ukishuka kwa elfu mbilimbili hadi 2,000, unapata 156,000. Ndipo unatoa majina: ile ya kwanza inaitwa riba isiyopungua, hii ya pili inaitwa riba inayopungua. Jina linapokuja mwisho linakuta kitu cha kukikalia. Wewe uliyatoa sekunde ya hamsini, yakawa yanaelea.

Kuhusu maswali hayo ya katikati, huu si mtindo tu. Mwaka 2013 Karl Szpunar na wenzake wa Harvard waliwaonyesha watu mhadhara wa takwimu wa dakika 21 uliogawanywa sehemu nne. Baadhi walipewa jaribio fupi baada ya kila sehemu, wengine hawakupewa mpaka mwisho. Waliojaribiwa njiani walikiri kuzurura kimawazo kwa kiwango cha kama nusu ya wenzao, na waliandika maelezo mengi zaidi. Mtu akijua ataulizwa muda si mrefu, anasikiliza kwa namna nyingine. Lakini kwenye video zetu swali mara nyingi linakufa hivi: mwalimu anauliza, na kabla pumzi haijaisha anajibu. Hilo limegeuka sentensi ya kawaida yenye alama ya kuuliza, na baada ya mara mbili mwanafunzi anajua hana haja ya kuwaza. Andika kwenye skripti kwa herufi kubwa, KIMYA SEKUNDE 5, na wakati wa kurekodi hesabu kwa vidole chini ya meza. Sekunde tano mbele ya kamera ni ndefu kuliko unavyodhani, utatamani kuzijaza. Usizijaze. Kama jukwaa lako lina uwezo wa kusimamisha video mpaka mtu ajibu, tumia hapo hapo kwenye mwezi wa nne. Maswali mawili au matatu kwa dakika kumi yanatosha. Yakizidi, yanakuwa usumbufu.

Jambo moja ningependa uliongeze, ambalo halimo kabisa kwenye skripti yako: kauli ya mtu aliyekosea. Kila mwaka nasikia mjumbe wa kamati akisema, "Asilimia mbili ni asilimia mbili, hiyo tofauti ni makosa ya kujumlisha." Iweke hiyo kauli ndani ya video, kwa sauti nyingine kama unaweza, kabla ya kueleza. Derek Muller alipokuwa mtafiti Chuo Kikuu cha Sydney alilinganisha video za fizikia. Walioonyeshwa maelezo safi yaliyonyooka walisema yameeleweka vizuri, lakini majibu yao ya baadaye yalikuwa karibu yale yale ya mwanzo. Walioonyeshwa mazungumzo ambamo dhana potofu inasemwa waziwazi kisha inapingwa, walisema imewachanganya kidogo, na ndio waliojifunza zaidi. Sababu yake naiona darasani kila mara. Mtu mwenye dhana yake kichwani akisikia maelezo laini, anayasikia kama yanathibitisha anachokijua tayari, na umakini unashuka kwa sababu haoni kipya. Akisikia kauli yake mwenyewe inatolewa kinywani mwa mtu mwingine, anakaa wima. Uwe mwangalifu tu, kauli isemwe kwa heshima. Mjumbe yule si mjinga. Karatasi ya mkopo kweli imeandikwa asilimia mbili.

Nimefika kwenye dakika yako ya sita na nusu. Mchoro wa watazamaji ukishuka ghafla mahali pamoja, tafuta sentensi iliyopotezea watu hapo. Ukipanda kinundu, kama wako, maana yake watu wanarudisha nyuma, na wanaorudisha nyuma hawajakata tamaa bali wamezidiwa. Nilitazama: sekunde hiyo ndipo jedwali lako la miezi 12 lenye safu tano linatokea lote kwa pamoja, nawe unaendelea kuongea kuhusu faida za riba inayopungua. Wengi wanakutazama kwenye simu. Jedwali la safu tano kwenye simu ni vumbi. Na hata lingesomeka, hawawezi kusoma namba 60 huku wanasikiliza jambo jingine. Waonyeshe mistari mitatu ya kwanza, mmojammoja, kila mmoja ukitokea pale unapoutaja. Kisha nukta, kisha mstari wa mwisho. Safu ziwe mbili: deni lililobaki, na riba ya mwezi. Jedwali zima watumie kama faili la kupakua.

Ndiyo maana skripti ya video huandikwa safu mbili kwenye karatasi, kushoto yanayosemwa, kulia yanayoonekana, mstari kwa mstari. Ukiiandika hivyo utaona mwenyewe penye dakika nzima ya maneno na upande wa kulia ni sura yako tu, na penye sentensi fupi huku kulia kumejaa. Maneno unayoyasema usiyaandike pia kwenye slaidi. Mtu husoma haraka kuliko unavyosema, anafika mwisho, anakusubiri, na sauti mbili zinagongana kichwani. Slaidi ibebe namba na mchoro, sauti ibebe maelezo. Manukuu kwa wasiosikia vizuri ni jambo jingine kabisa na yawepo, ila yawe ya kuwashwa na kuzimwa.

Muziki na zile sarafu zinazoruka, viondoe. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelichunguza hili miaka mingi: vinavyopamba bila kueleza hupunguza wanachokishika wanafunzi, kwa sababu vinakula nafasi ile ile finyu ya kubeba mambo mapya.

Idadi ya maneno. Maneno 1,740 kwa dakika kumi ni 174 kwa dakika bila kupumua. Utasikia kwamba walimu wanaoongea haraka hutazamwa zaidi, na ni kweli utafiti wa Guo uliona hivyo, lakini ni Kiingereza. Neno letu moja, "tutakapowalipa", ni sentensi kwao. Kwa somo lenye namba mimi huandika maneno kama mia moja kwa kila dakika ya Kiswahili, na natoa sekunde za kimya na za kuonyesha hesabu. Kwako hiyo ni skripti ya maneno 900 hivi. Usiniamini mimi, pima sauti yako: soma kwa sauti aya ya maneno 200 yenye namba, kwa mwendo ambao ungemsomea mtu anayeandika, angalia saa. Na namba ziandike kama utakavyozisema. Ukiandika 156,000 siku ya kurekodi utasita, "mia hamsini na sita elfu" au "laki moja na elfu hamsini na sita"? Chagua namna moja na ubaki nayo mpaka mwisho, maana msikilizaji akisikia namna mbili atadhani ni namba mbili.

Utakapopunguza kutoka 1,740 hadi 900 itakuuma, najua. Sehemu ya historia ya riba inaondoka. Sifa tano za kila aina zinaondoka, kwa sababu ukishaona laki moja inatozwa elfu ishirini na nne, sifa unaweza kuzitaja mwenyewe. Zile unazoona hazifai kupotea, ziweke kwenye karatasi ya somo.

Sasa lile la kuacha skripti. Mwenzako ana hoja: wewe unasikika unasoma, na watu wanasikia. Kuongea bila karatasi kunaleta uchangamfu ambao kusoma hakuna. Hasara yake ni kwamba kwenye namba utateleza, na pasipo skripti dakika kumi zinakuwa kumi na sita. Ninachofanya mimi ni kuandika neno kwa neno sehemu tatu: ufunguzi, kila swali pamoja na jibu lake, na sentensi zenye namba. Kati ya hizo naacha maneno matatu manne ya kunikumbusha, naongea kama ninavyomweleza mtu aliyekaa mbele yangu. Karatasi ibandike nyuma ya kamera usawa wa lenzi, macho yasiteremke. Na sema "wewe", si "mwanafunzi anatakiwa".

Na la kukata vipande? Somo hili ni ulinganisho, na ulinganisho hauishi ukiutenganisha sana. Ukimwacha muuza vitenge kwenye video ya jana, leo hakuna wa kulinganisha naye. Nikilazimika kukata, ningekata mara moja tu, baada ya ile elfu ishirini na nne ya mwezi wa kumi na mbili, swali la wapi 132,000 zimetoka likiwa bado liko wazi. Faida ni kwamba mwenye bando dogo anapakua nusu kwanza. Hasara ni kwamba wapo watakaoishia nusu ya kwanza, na hao watakuwa wamejifunza hesabu ya muuza vitenge pekee. Kwa wanafunzi wako ningeiacha nzima, iwe dakika tisa, na ningeweka alama za vipengele ndani ya video ili mtu arudi anapotaka.

Kabla hujarekodi tena, soma skripti mpya kwa sauti mbele ya waweka hazina wawili, bila slaidi. Waambie wanyooshe mkono wanapopotea, na wewe usieleze chochote, weka alama tu pale. Kisha wape hesabu ambayo haikuwa kwenye somo: mkopo wa 600,000, miezi sita, asilimia tatu kwa mwezi, marejesho ya 100,000 kila mwezi. Riba isiyopungua ni 108,000, inayopungua ni 63,000. Swali hilo hilo liweke mwisho wa video. Mchoro wa watazamaji unakuonyesha waliobaki, jibu hili linakuonyesha waliobaki na somo, na vitu hivyo viwili vinaweza kwenda njia tofauti. Nimeona video inayotazamwa mpaka mwisho na wengi, na hesabu wameikosa.

Kuna mambo ambayo skripti haitaponya. Kama kwenye video zako zote, za mada zote, watu wanaondoka ndani ya sekunde ishirini za mwanzo, shaka sauti yako kabla ya maneno. Chumba kinachorudisha mwangwi au kipaza sauti kilicho mbali humchosha msikilizaji upesi. Tafuta fundi wa sauti aje asikilize chumbani kwako, kwa sababu ukimtumia faili ataisikia kwenye vifaa vyake vizuri. Na kama kwenye lile jaribio watu wanakwama kwenye kutafuta asilimia mbili ya milioni yenyewe, hapo usirekodi chochote kwanza. Waite wakae pamoja asubuhi moja, na kalamu na daftari, mtu mmoja apite nyuma ya mabega yao anaona nani anagawanya badala ya kuzidisha. Kosa hilo linaonekana kwenye daftari kwa sekunde kumi, na kwenye video halionekani kamwe.